Tamko au rejea? Chuo kimekuruhusu kutumia ChatGPT kidogo, sasa unaitaja vipi

Neno lililotusumbua ni moja tu, kutaja. Sera ya chuo cha mpwa wangu ina ukurasa mmoja na nusu, aliiprinti hapa hapa dukani kwangu Langoni, Lamu, na kifungu kimoja kinasema mwanafunzi anaruhusiwa kutumia akili mnemba kusahihisha lugha na kupanga mawazo, haruhusiwi kuitumia kuandika uchambuzi wala kutengeneza data, na popote alipoitumia lazima ataje. Basi, kimeishia hapo. Ataje wapi, kwa namna gani, hakuna. Akaniuliza, mjomba, sasa hapa naandika sentensi moja kule mbele ama naweka mabano kila aya kama navyoweka kitabu?

Mimi si lekchara, niseme mapema. Nina saiba, nataipu na kuprinti na kubaindi projekti za watoto wa hapa Amu na wanaovuka kutoka Mokowe, na digrii yangu niliisoma kwa masafa huku duka likiendelea. Lakini tangu ChatGPT itoke mwisho wa Novemba 2022 nimeona projekti nyingi zikirudi na wino mwekundu kwa sababu ya hili jambo, na mara nyingi mwanafunzi hakuwa na nia mbaya, alitaja, ila alitaja pasipostahili. Kuna mmoja nilimwokoa mwenyewe, natia spairo nikaona ukurasa wa 17 aya inaanza na "Naam, bila shaka! Hii hapa aya yako iliyoboreshwa". Alikuwa ameshalipia kopi nne.

Halafu nitaiita mashine tu, manake huku kwetu ukisema chombo watu wanatizama baharini.

Sasa ulinganisho wenyewe. Kuna njia mbili za kutaja na watu wanazichanganya kama ni kitu kimoja. Ya kwanza ni tamko: maelezo mafupi, mahali pamoja, yanayosema ulitumia mashine gani, lini, kwa kazi gani, na baada ya hapo ulifanya nini na ilichokupa. Ya pili ni rejea: alama ndani ya sentensi na mstari kwenye orodha ya marejeleo au tanbihi chini ya ukurasa, inayosema maneno haya hapa, au wazo hili hapa, limetoka kule. Tamko linaeleza kazi ilivyofanyika. Rejea inanyoosha kidole kwenye sentensi moja. Ukilielewa hilo nusu ya shida imekwisha, kwa sababu sasa swali ni hili: je, kuna maneno ya mashine yaliyobaki kwenye ukurasa wangu, au mashine ilipita tu ikaniachia maneno yangu yakiwa yamenyooka?

Mpwa wangu anasoma Kiswahili na ualimu na projekti yake ni ya msamiati wa mafundi wa majahazi wa Matondoni. Mwezi wa tano 2025 aliitumia ChatGPT kwa mambo matatu, na nimeyaweka hapa kama yalivyo kwa sababu kila moja limetaka jibu lake.

La kwanza, alibandika aya za sura ya kwanza na ya pili akaiambia isahihishe tahajia na sarufi. La pili, aliiomba maswali ya kuwauliza mafundi, ikampa 12, akachukua 5. La tatu, alitaka maelezo ya haraka ya tofauti ya mtepe na jahazi, ikampa sentensi tatu, akazigeuzageuza maneno akazitia kwenye usuli.

Rasimu yake ya kwanza alitaja kwenye Shukrani. Yaani Mungu, mama, supavaiza, mimi mjomba wake wa saiba, halafu "na ChatGPT kwa msaada wake mkubwa". Mimi hapo nilicheka lakini ni kosa ambalo nimeliona mara nyingi sana. Shukrani si mahali pa kutangaza mbinu. Msomaji hawezi kujua "msaada mkubwa" ni koma tatu au ni sura nzima, na supavaiza akisoma "mkubwa" anafikiria sura nzima, mwenzangu ungekuwa wewe ungefikiria nini.

Rasimu ya pili akaruka upande wa pili kabisa. Ameambiwa na rafiki yake weka rejea kila ulipogusa, basi kila aya iliyosahihishwa sarufi imeishia na (OpenAI, 2025). Nilihesabu, 18 kwa sura mbili. Sasa hii ni mbaya kuliko ile ya kwanza, kwa sababu rejea mwisho wa aya maana yake kwa msomaji ni kwamba yaliyomo kwenye aya yametoka huko. Aya ambayo yeye mwenyewe aliiandika kwa mkono wake, kuhusu babu yake aliyekuwa fundi, inasomeka kama imetolewa na kampuni ya Marekani. Amejinyang'anya kazi yake mwenyewe kwa kutaka kuwa mkweli.

Kwa usahihishaji wa lugha, basi, tamko linashinda, na halishindi kwa pointi chache. Mashine haikuleta maudhui, kwa hiyo hakuna cha kukinyooshea kidole. MLA, wale wenye mtindo wao wa kuandika marejeleo, wamelisema hili kwenye mwongozo wao wa Machi 2023, kwamba matumizi kama kuhariri nathari au kutafsiri maneno uyakiri kwenye tanbihi au ndani ya maandishi au mahali pengine panapofaa. APA nao, mwongozo wao ulitoka Aprili 2023, wanataka ueleze ulivyoitumia kwenye sehemu ya mbinu, au kama kazi yako haina sehemu ya mbinu, kwenye utangulizi. Kwa projekti zetu hizi maana yake ni sura ya tatu, au ukurasa wake wenyewe mara tu baada ya kile kiapo cha "hii ni kazi yangu asilia". Mimi napenda baada ya kiapo, kwa sababu ndipo unapoapa, na ukiapa kwamba ni kazi yako halafu ukurasa unaofuata unaeleza mkono mwingine uligusa wapi, hakuna atakayesema ulificha. Lakini dipatimenti ikisema sura ya tatu, ni sura ya tatu, usibishane.

Ila kuna kitu kwenye huko kusahihisha lugha ambacho watu wanakichukulia rahisi. Alikuwa ameandika ule msemo wetu, kuenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Tezi ni nyuma ya jahazi, omo ni mbele, ngama ni kule chini ndani maji yanakojikusanya yachotwe. Mashine ikamrudishia "marejeo ni ngamiani". Ngamia! Imemtoa mtu baharini imempeleka jangwani, na imefanya hivyo kimya kimya katikati ya koma zilizowekwa vizuri, hakuna rangi wala alama ya kuonyesha neno limebadilishwa. Na deheni, ile dawa inayopakwa chini ya jahazi, ikageuka "dhehebu". Yeye hakuona. Niliona mimi wakati wa kuprinti kwa sababu nilisoma kwa mazoea, na mzee wa Matondoni angeisoma ile kazi angesema huyu mtoto hakufika kwetu.

Kwa hivyo tamko linalosema "nilitumia ChatGPT kusahihisha lugha tu" halikuwa kweli, bila yeye kujua. Iliingia hadi kwenye data, maana projekti yenyewe ni ya msamiati. Hapo ndo utaona tofauti ya tamko zuri na tamko la kujikinga: zuri linasema pia ulihakiki vipi. Tukafungua rasimu ya kabla na ya baada, kwenye Word kuna kulinganisha faili mbili, likatoa kila neno lililobadilishwa, akarudisha maneno 9 ya mafundi mahali pake. Ilichukua jioni moja na birika la chai ya tangawizi. Kama hukuweka rasimu ya kabla huwezi kufanya hili, kwa hivyo kabla hujabandika chochote seivu faili na jina lenye tarehe.

Tuje kwa yale maswali. Hapa tamko na rejea vinakaribiana na hata mimi nilisita. Sera inaruhusu kupanga mawazo, na kuomba maswali ya kuanzia ni kupanga mawazo. Matatu kati ya yale 5 aliyabadilisha sana baada ya kuyajaribu kwa fundi mmoja, hayafanani tena na ya mashine. Mawili yalibaki neno kwa neno. Kwa yale matatu tamko linatosha. Kwa yale mawili maneno ya mashine yamebaki kwenye ukurasa, yako kwenye kiambatisho cha maswali, basi tukaweka alama ya nyota kando ya kila moja na mstari chini yake unaosema yametolewa na nini na lini. Unaweza kusema ni kujisumbua. Lakini mtahini akiuliza hili swali umelipata wapi jibu liko pale pale, na alama ya nyota haimgharimu mtu kitu.

Sasa lile la tatu, sentensi za mtepe, ambalo yeye alidhani ndilo rahisi. Ukisoma juujuu utasema hapa ni rejea, kwa sababu maudhui yametoka kwa mashine, na kugeuzageuza maneno hakuyafanyi yako. Ni kweli, kama zingebaki zilihitaji rejea. Lakini zisome. Moja ilisema mtepe ni chombo cha zamani cha pwani, sawa. Ya pili ilisema kina tanga moja la mkeka, sawa. Ya tatu ilisema mbao zake zilipigiliwa misumari ya chuma "kama majahazi ya leo". Hapo tukaharibikiwa. Mtepe ulikuwa hautiwi msumari kabisa, mbao zilishonwa kwa kamba za usumba wa nazi, na hilo ndilo linaloutenga na jahazi. Hata ule mwongozo wa mabaharia wa Kigiriki wa karne ya 1 uitwao Periplus unataja mashua za kushonwa kwenye pwani hii. Nilimpeleka kwa mzee mmoja pale ufukoni akamuuliza, akajibiwa, "Mtepe na msumari wapi na wapi mwanangu, washonwa ule kama nguo."

Fikiria sasa kama angeweka rejea safi kabisa. Mabano sawa, mwaka sawa, orodha sawa. Angekuwa mkweli kuhusu mahali alikotoa uongo. Rejea inasema nani amesema, haisemi kama ni kweli, na kitabu unachokitaja kina mtu aliyeweka jina lake na anaweza kuulizwa. Mashine haiwezi kuulizwa. COPE, ile kamati ya maadili ya majarida ya kitaaluma, Februari 2023 ilisema zana za akili mnemba haziwezi kuorodheshwa kama mwandishi kwa sababu haziwezi kuwajibika kwa kazi, na mimi nadhani hoja hiyo hiyo inakutosha kuacha kuitumia kama chanzo cha ukweli. Kwa hivyo kwa sentensi za mtepe jibu lilikuwa si tamko wala rejea. Zifute. Nenda makumbusho pale mbele ya bahari, tafuta kitabu, muulize fundi, soma, halafu rejea ulichosoma.

Na hapa kuna mtego ndani ya mtego. Akaiuliza mashine basi nipe marejeleo ya mtepe, ikampa manne, majina mazuri, miaka, majarida, hadi kurasa. Mawili hayapo duniani. Unajuaje? Chukua kichwa cha makala kizima ukitafute kikiwa ndani ya alama za nukuu, kisipotokea popote nenda kwenye jarida lenyewe, toleo lile, kurasa zile, uone pana nini. Ukikuta kurasa hizo zina makala nyingine ya mtu mwingine, umeuziwa mbuzi kwenye gunia. New York mwaka 2023 mawakili wawili walipeleka mahakamani kesi zilizobuniwa na ChatGPT, ile kesi ya Mata dhidi ya Avianca, wakapigwa faini ya dola 5,000, na hao walikuwa mawakili wa miaka mingi. Kwa hivyo sheria ya nyumbani kwangu ni hii, usiandike kwenye orodha kitu ambacho hujakifungua kwa macho yako. Kama mashine ilikuonyesha njia ya kukifikia ukakifungua kweli, rejea ni ya kitabu, na ile ya kuonyeshwa njia inaingia kwenye tamko.

Sasa utaniuliza, rejea ya mashine ina kazi gani basi kama kila kitu ni tamko au futa? Ina kazi, na ni nzuri. Ni pale maneno ya mashine yenyewe ndiyo unayoyazungumzia. Lile la ngamia halikupotea bure. Supavaiza alipoambiwa alimwambia aongeze sehemu fupi sura ya nne kuonyesha jinsi mashine inavyoshindwa na maneno ya ubaharia, na pale mashine ikawa shahidi mwenye makosa, unamnukuu neno kwa neno, unaweka prompti uliyompa, tarehe, toleo. Uchambuzi ni wake yeye, kilichonukuliwa ni cha mashine, mipaka inaonekana. Bila rejea pale msomaji hawezi kujua ni nani aliyesema ngamiani.

Na kama unarejea, mtindo wa dipatimenti yako ndio unaoamua sura, na mitindo mitatu hii haikubaliani hata kwenye jambo la msingi la nani akae nafasi ya mwandishi. APA inaweka kampuni. MLA haiweki mwandishi kabisa, inaanza na prompti yako kama ndiyo kichwa. Chicago inaiacha mashine ikae nafasi ya mwandishi lakini kwenye tanbihi tu, kwenye bibliografia haiingii isipokuwa uwe na linki ambayo msomaji yeyote anaweza kuifungua. Kwa projekti iliyoandikwa Kiswahili zinakuwa hivi, kwa mpangilio huo huo:

```
OpenAI. (2025). ChatGPT (toleo la GPT-4o) [Modeli kubwa ya lugha]. https://chatgpt.com

"Sahihisha sarufi ya aya hii kuhusu tezi na omo" prompti. ChatGPT, toleo la GPT-4o, OpenAI, 12 Mei 2025, chatgpt.com.

1. ChatGPT, jibu kwa "Sahihisha sarufi ya aya hii kuhusu tezi na omo," OpenAI, 12 Mei 2025, https://chatgpt.com.
```

Kama ningeambiwa nichague ningechukua ya MLA au Chicago kwa kazi kama hii, kwa sababu prompti na siku vinaonekana pale pale. Ile ya APA hapo juu, ya mwongozo wao wa 2023, inakupa mwaka tu, na mashine ile ile ukiiuliza swali lile lile kesho inakupa jibu lingine, kwa hivyo mwaka haumsaidii mtu. APA wenyewe walilijua hilo, wakashauri jibu refu liwekwe zima kwenye kiambatisho, na ukitumia APA usiruke hiyo hatua. Dipatimenti ya mpwa wangu ni APA, basi tukafanya Kiambatisho C, prompti juu, jibu chini, tarehe, na skrinishoti.

Skrinishoti, eeh. Watu wanapenda kuweka linki ya mazungumzo wakadhani wamemaliza. Linki ni nzuri, lakini ukifuta yale mazungumzo kwenye akaunti yako linki inakufa nayo, na nimeona mtu amefuta akaunti nzima wiki moja kabla ya kuitwa kujitetea. Karatasi haifutiki.

Tamko alilomaliza nalo liko hivi, nalibandika zima kwa ruhusa yake, mwone halina maneno makubwa:

> Nimetumia ChatGPT (OpenAI, toleo la GPT-4o) kati ya tarehe 3 na 21 Mei 2025 kwa kazi mbili. Kwanza, kusahihisha tahajia na sarufi katika Sura ya 1 na ya 2. Nimelinganisha rasimu ya kabla na ya baada, na maneno 9 ya kiufundi yaliyobadilishwa nimeyarudisha yalivyotamkwa na mafundi. Pili, kupata maswali ya kuanzia ya mahojiano: kati ya maswali 12 nimetumia 5, matatu baada ya kuyabadilisha na mawili kama yalivyo (yana alama katika Kiambatisho B). Jibu moja la zana hii limenukuliwa na kujadiliwa katika Sura ya 4, na liko kamili katika Kiambatisho C. Mahojiano na majina ya mafundi hayakuingizwa kwenye zana hii. Uchambuzi ni wangu, na ninawajibika kwa yote yaliyoandikwa humu.

Ile sentensi ya mahojiano aliiweka kwa sababu nilimuuliza. Mafundi walikubali kuzungumza na yeye, hawakukubali sauti zao na majina yao yapelekwe kwenye kompyuta za watu wengine, na kama ungetaka kufanya hivyo ilibidi uwaombe kabla. Huwezi kulitengeneza hilo baadaye kwa tamko. Kwa hiyo kama sera yako iko kimya kuhusu kuingiza mahojiano, usiingize.

Mtu mmoja alinisimamisha njiani akaniambia sasa ukiandika yote hayo si unajichongea, si bora ukae kimya ripoti ya Turnitin ikitoka safi umepita? Mimi namwambia kwanza zile ripoti hazikubebi wala hazikuoni vizuri. OpenAI wenyewe walikuwa na kifaa cha kutambua maandishi ya mashine, wakakiondoa Julai 2023 kwa sababu usahihi wake ulikuwa mdogo. Na watafiti wa Stanford mwaka huo huo walijaribu vitambuzi saba kwa insha 91 za TOEFL zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao, vikawasingizia zaidi ya nusu kwa wastani. Yaani unaweza kuwa msafi ukashukiwa. Siku hiyo kitakachokutetea ni rasimu zenye tarehe na tamko lililoandikwa kabla hujaulizwa. Lililoandikwa baada ya kuulizwa linaitwa maelezo ya mtuhumiwa. Pia usidhani ukitia alama za nukuu asilimia ya akili mnemba itashuka, ile hesabu ya kufanana na maandishi mengine ni kitu kimoja na ile ya akili mnemba ni kitu kingine, nukuu unaweza kuiondoa kwenye ya kwanza tu.

Upande wa tamko nao una udhaifu wake, nisijifanye. Tamko halisemi ni sentensi ipi. Ukishaandika "nilipata msaada wa mawazo" umefungua mlango mpana, mtahini anaweza kuingiza chochote humo. Ndo maana ya kuandika namba, sura ya ngapi, maswali mangapi, maneno mangapi. Na kama sera ya chuo chako imeandikwa wazi kwamba kila sentensi iliyoguswa irejelewe ndani ya maandishi, basi hoja yangu yote ya juu haina kazi kwako, fuata sera. Ikiwa imeandika "taja" tu kama ya huyu wetu, usikisie. Mtumie supavaiza ujumbe mfupi kabla hujabaindi, aliotuma mpwa wangu ulikuwa wa mistari miwili: "Shikamoo mwalimu. Kifungu cha kutaja akili mnemba, ni tamko mbele ya projekti au ni rejea ndani ya maandishi, au vyote? Nimeitumia kwa sarufi ya sura 1 na 2 na maswali ya mahojiano." Akajibiwa baada ya siku mbili, tamko baada ya kiapo, rejea pale tu unaponukuu. Ameuhifadhi ule ujumbe.

Tukaprinti kopi tatu, tukabaindi, akavuka Mokowe asubuhi na basi la mapema. Wiki iliyofuata supavaiza akarudisha moja. Tamko halikuguswa, rejea haikuguswa, ngamia amewekewa alama ya vema na kicheko pembeni. Wino mwekundu ulikuwa mahali pamoja tu, ukurasa wa mwisho: "Kiambatisho C kiko wapi?" Kilikuwa kwenye trei ya printa yangu, kurasa mbili, chini ya risiti za stima.